Kujirekodi na Kujipa Alama kwa Waongozaji wa Spaisi Tua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nasomesha Kiingereza cha kuzungumza wakati wa jioni hapa Unguja. Wengi wa wanafunzi wangu wanapeleka wageni kwenye mashamba ya viungo, Kizimbani na Kidichi, na wachache wako hotelini. Maswali haya ndiyo wanayoniuliza kila ninapowataka wajirekodi kwa dakika mbili, kisha wajipe alama wenyewe katika mambo matatu: mtiririko, matamshi na msamiati. Maneno ya Kiingereza nimeyaandika kama yanavyosikika, maana kazi hii ni ya sikio. Silabi yenye mkazo nimeiandika kwa herufi kubwa.

Nirekodi yale maelezo ninayowapa wageni kila siku?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi ya yote. Maelezo ya kila siku umeshayahifadhi, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura zake. Yanatoka bila kukwama kwa sababu hutungi tena sentensi, unazitoa tu pale zilipowekwa. Ukijirekodi ukiyasema, utajipa alama nzuri ya mtiririko, lakini umepima kumbukumbu yako. Nimemsikia mwongozaji wa miaka mingi akieleza kungumanga na basibasi kama maji yanavyoteremka, halafu mgeni akamuuliza kwa nini gome la mdalasini limekatwa upande mmoja tu wa mti. Sentensi tatu zilizofuata zilimchukua karibu dakika nzima. Kiwango chake cha kweli kilikuwa katika dakika ile.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika maswali kumi na mbili kwenye vikaratasi, maswali ambayo mgeni anaweza kuyauliza lakini hayamo katika maelezo yako. Kwa mfano: mtoto wa miaka kumi anataka kujua karafuu ni tunda au ua. Mgeni anauliza kwa nini iliki ni ghali kuliko tangawizi. Mwengine anauliza shamba hili lilikuwaje ulipokuwa mdogo. Vikunje, vichanganye, uchague kimoja bila kukitazama. Jipe dakika moja ya kufikiri na uandike maneno yasiyozidi matano. Kisha zungumza dakika mbili mfululizo.

Aliyewahi kufanya mtihani wa IELTS ataitambua namna hii, maana sehemu ya pili ya mtihani wake wa kuzungumza inakwenda hivyo: dakika moja ya kujiandaa, kisha mtahiniwa anazungumza peke yake kwa dakika moja hadi mbili.

Ukikwama usizime simu. Mahali ulipokwama ndipo penye faida kubwa katika rekodi yote, na ukifuta ukaanza upya, mara ya tatu utakuwa umeshaihifadhi.

Nahitaji vifaa gani?

Simu uliyonayo inatosha. Iweke juu ya kitu kilaini, shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya njia ya pumzi ili herufi kama p na b zisipige kishindo. Zima feni. Feni ya darini haikusumbui unapozungumza, lakini kwenye rekodi inafunika mwisho wa maneno, na mwisho wa maneno ndio tutakaousikiliza sana. Mvua ikianza kupiga juu ya mabati, ahirisha.

Mwenye kompyuta anaweza kuifungua rekodi ndani ya Audacity, programu ya bure. Humo sauti inaonekana kama mawimbi, na kila ulipotua panaonekana mstari ulionyooka. Ukitaka kusikiliza polepole bila sauti kuwa nzito, tumia amri iitwayo `Change Tempo`.

Sauti yangu naichukia. Ni kawaida?

Ni kawaida. Unapozungumza, sauti yako inakufikia kwa njia mbili, kupitia hewani na kupitia mifupa ya kichwa chako, na ile ya mifupa inaongeza uzito. Kwenye rekodi inabaki ya hewani peke yake, ndiyo maana unajisikia mwembamba. Hiyo ndiyo sauti ambayo wageni wako wamekuwa wakiisikia siku zote. Isikilize mara mbili bila ya kalamu, uizowee, ndipo uanze kazi. Ukianza kujipa alama ungali unaionea haya sauti yako, utajipunja katika yote matatu.

Kwa nini unataka nisikilize mara tatu? Mara moja haitoshi?

Haitoshi, kwa sababu sikio likipewa kazi tatu kwa pamoja linakimbilia ile iliyo rahisi. Mtu anasikia kosa moja la matamshi dakika ya mwanzo, linamkera, na kuanzia hapo kila kitu anakiona kibovu, hata msamiati wake mzuri. Mara ya kwanza sikiliza mtiririko tu. Mara ya pili matamshi. Mara ya tatu msamiati, na hii ya tatu inataka uwe umeyaandika maneno yako yote kwenye karatasi.

Kuyaandika kunachosha, nakubali. Dakika mbili za maneno zinaweza kukuchukua nusu saa. Lakini andika yote kama yalivyotoka, pamoja na kila "aa", kila neno ulilolirudia na kila "yaani" iliyoponyoka. Usirekebishe chochote. Halafu ngojea mpaka kesho yake ndipo utoe alama, maana siku ile ile bado unakumbuka ulichotaka kusema, na masikio yako yatakujazia mapengo ambayo mgeni hajazwi na mtu.

Mtiririko napimaje? Ni kuzungumza haraka?

Si haraka. Wageni wengi wanapotea kwa mwongozaji mwenye kasi kuliko kwa aliye taratibu. Mtiririko ni msikilizaji kutolazimika kukungojea.

Hesabu vitu viwili. Kwanza, chukua karatasi yako, ukate kwa kalamu kila "aa", kila neno lililorudiwa bila sababu na kila sentensi uliyoianza ukaiacha. Yaliyobaki yahesabu, ugawe kwa mbili. Hayo ndiyo maneno yako yenye kazi kwa dakika. Nambari hii usiilinganishe na ya mwenzako, ilinganishe na yako ya mwezi uliopita.

Pili, na hili ndilo kubwa, tia mstari kila mahali ulipotua kwa muda mrefu. Muda mrefu ni upi? Ni ule ambao ungeweza kulitamka neno "mdalasini" kimoyomoyo. Kisha tazama mistari hiyo imeangukia wapi. Kutua mwisho wa fungu la maneno ni jambo la kila mzungumzaji, hata mwenye lugha yake. Anavuta pumzi, anapanga linalofuata. Kutua katikati ya fungu, baina ya sifa na jina lake au baina ya kitendo na kinachotendwa, ndiko kunakomfanya msikilizaji angojee. Anajua kuna neno linakuja na haliji.

Alama zangu ni kutoka 1 hadi 5. Ya 2 ni pale mituo mingi inapokata katikati ya mafungu na unarudia maneno ili kujinunulia muda. Ya 3 ni pale unapofika mwisho wa dakika mbili bila ya kusaidiwa, na mituo mingi imehamia mwisho wa mafungu, ingawa mara chache bado unasaka neno. Ya 4 ni pale unapotua kutafuta wazo, si kutafuta neno. Ya 1 ni sentensi zisizofika mwisho. Ya 5 usiifikirie sasa.

Jambo moja la kwetu: angalia ni mara ngapi umeanza sentensi kwa "soo" au "en dhen". Wengi wetu tunazitumia kama "basi" na "halafu" za hadithi za bibi. Katika Kiswahili zinapendeza. Katika Kiingereza, zikifika kumi na tano ndani ya dakika mbili, zinahesabika kuwa kujinunulia muda.

Na matamshi? Mimi najisikia natamka sawa tu.

Ndiyo, na utaendelea kujisikia hivyo, kwa sababu unajua ulikusudia neno gani. Katika mambo matatu, hili ndilo ambalo mtu hawezi kujipa alama akiwa peke yake. Unahitaji sikio la pili.

Chagua kwenye karatasi yako maneno kumi yenye uzito, yale ambayo yakipotea maana inapotea. Mpe mtu rekodi, usimwambie mada, mwambie aandike anachosikia. Kisha hesabu mangapi kati ya kumi ameyaandika sawa. Asiwe mwongozaji mwenzako. Yeye atakuelewa hata ukikosea, kwa kuwa anakosea kama wewe. Tafuta mtu ambaye lugha yake ya nyumbani si Kiswahili: mgeni wa zamani mnayewasiliana kwa WhatsApp, au mwalimu kutoka nje. Akikosa maneno matatu au zaidi, alama ni 2. Akikosa moja au mawili, ni 3. Akiyapata yote lakini akalazimika kurudisha rekodi nyuma, ni 4.

Maneno aliyoyakosa yatafutie sababu, na kwa sisi sababu ni mbili kubwa. Sauti za "th" na "dh" hazimo ndani yake, hizo tunazo tangu utotoni katika "thamani" na "dhahabu", na wengine wanahangaika nazo miaka.

Ya kwanza ni mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu maneno yote. Tunauchukua mkazo huo na kuupeleka shambani. Tunasema si-NA-mon kwa mdalasini, na Kiingereza kinataka SI-na-mon. Tunasema ta-ME-rik kwa manjano, na ni TA-me-rik. Iliki tunaiita ka-DA-mom, na ni KA-da-mom. Hata "inayovutia", ambayo tunaitumia kila dakika tano, tunaitamka in-te-RES-ting wakati wao wanasema IN-tres-ting, na silabi moja imekwenda zake. Mgeni anayesikia mkazo mahali pasipo pake hadhani kwamba umekosea neno analolijua, anadhani umesema neno asilolijua. Kujipima ni rahisi: sikiliza rekodi huku unapiga meza mara moja kwenye silabi nzito ya kila neno refu. Ukiona mkono wako unaanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kila mara, bado unazungumza kwa mahadhi ya Kiswahili.

Ya pili ni irabu. Sisi tunazo tano, na Kiingereza kina nyingi zaidi, kwa hiyo irabu zao mbili zinaingia ndani ya yetu moja. Yetu ya "i" iko karibu na ile yao ndefu. Ukitaka kusema "tunachuma" unaweza kujikuta umesema "kilele", kwa sababu "pik" fupi imekuwa "piik". Yetu ya "a" inabeba maneno yao mawili au matatu, na hapo karafuu inapata tabu, kama utakavyoona kwenye mfano hapo chini.

Lafudhi yangu ya Kiunguja inanipunguzia alama?

Haipunguzi. Lafudhi na kueleweka ni vitu viwili mbali. Mwaka 1995 watafiti Murray Munro na Tracey Derwing walionesha kwamba mtu anaweza kuhukumiwa kuwa na lafudhi nzito ya kigeni na bado wasikilizaji wakayaandika maneno yake sawasawa. Ndiyo maana kipimo chetu ni maneno yaliyoandikwa na msikilizaji, hatumuulizi kama unasikika Mwingereza. Mgeni hakuja Zanzibar kumsikiliza mtu wa London. Na uigaji wa lafudhi una hasara yake: wanafunzi wangu wanaoiga wanameza mwisho wa maneno, na alama zinashuka.

Msamiati nipime wingi wa maneno au ugumu wake?

Wala moja katika hayo. Pima kama neno ulilotumia ndilo lenyewe.

Chukua karatasi, uzungushie duara kila neno la jumla: "naisi", "guud", "bigi", na hasa "thing", lile la "kitu". Kwenye kila duara jiulize: nilitaka kusema nini hasa? Wakati mwengine jibu ni kwamba neno unalijua, halikuja kwa haraka. Hilo ni tatizo la mazoezi. Wakati mwengine neno huna kabisa, na hapo ndipo pa kuliandika kwenye daftari. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu wengi wanahangaika kuhifadhi maneno mapya wakati maneno wanayo, yamelala.

Halafu angalia ulifanya nini pale ulipokosa neno. Ulinyamaza? Ulitia neno lisilo lake? Au uliligeuza, ukaeleza kwa maneno mengine? Kugeuza si udhaifu. Katika vigezo vya IELTS, uwezo wa kueleza kwa njia nyengine ni sehemu ya alama ya msamiati. Mtu asiyejua Kiingereza cha basibasi lakini akasema "wavu mwekundu unaolikumbatia kokwa" amemfikisha mgeni.

Alama ya 2 ni pale maneno ya jumla yanapobeba mambo muhimu ya maelezo yako. Ya 3 ni pale mambo muhimu yana majina yake, au yamegeuzwa yakaeleweka. Ya 4 ni pale pia maneno yanapokaa na wenzake wa kawaida, kama vile sisi tunavyosema "kuchuma karafuu" na "kuvuna mpunga", na mtu akichanganya tunajua kuwa mgeni.

Unaweza kutupa mfano mmoja kamili?

Naam. Mwanafunzi wangu mmoja kutoka upande wa Kizimbani ameniruhusu nitumie rekodi zake bila ya jina lake. Kikaratasi chake kilisema: mtoto anauliza karafuu ni tunda au ua. Hiki ni kipande cha rekodi ya mwanzo kama kilivyotoka, na mkwaju ni kila alipotua kwa muda mrefu:

"Soo dhis iz dhe / klovu. Wi piik dhe / klovu wen dhe bad iz / aa / wen dhe bad iz stil klozd. En dhen wi rimuv dhe smoll / thing, en wi put on dhe / karpet."

Alikusudia kusema kwamba karafuu ni tumba la ua, tunalichuma likiwa bado limefunga, tunalitoa kikonyo na tunalianika juu ya jamvi. Maelezo ni sahihi kabisa. Tukaanza na mtiririko. Kwa dakika mbili alikuwa na maneno 171, na baada ya kukata marudio yakabaki 144, yaani 72 kwa dakika. Alitua kwa muda mrefu mara 15, na mara 10 katika hizo ni katikati ya fungu. Tazama kipande hiki: karibu kila mkwaju umekaa mbele ya jina la kitu. Hakuwa akikosa sentensi. Sentensi anazo, majina ndiyo hayaji. Yeye alijipa 3 kwa sababu hakunyamaza kabisa. Kwa kipimo chetu ilikuwa 2, na tulipoitazama mikwaju pamoja alikubali.

Matamshi: msikilizaji alikuwa mgeni aliyewahi kumpeleka shamba. Kati ya maneno kumi alikosa matatu. Badala ya "tunachuma" aliandika neno lao la "kilele", kwa ile "piik". Badala ya "tumba" aliandika neno lao la "mbaya", kwa hiyo mtoto angeambiwa karafuu ni ua baya. Tumba kwa Kiingereza linataka "a" fupi, ya ndani, mdomo ukifunguliwa kidogo tu. Yeye aliivuta na kuifungua mbele, na ikawa neno jengine. Neno la tatu lilikuwa "dawa", pale alipoeleza mafuta ya karafuu na maumivu ya jino: alisema me-DI-sin, na mgeni akaacha nafasi tupu, kwa sababu alingojea ME-di-sin. Alama 2.

Msamiati: "naisi" mara sita, "thing" mara tano. Kikonyo kiliitwa "kitu kidogo". Jamvi liliitwa zulia, na mgeni angemwazia mtu anaanika karafuu sebuleni. Alama 2.

Tukafanya matatu tu kwa wiki nne. Alijifunza majina manne, la tumba, la kikonyo, la jamvi na la kukausha, kila moja ndani ya sentensi zisizopungua tano alizozitunga mwenyewe. Alipiga meza kwa mkazo wa maneno ya viungo vyote anavyovionesha. Na kila alipokwama alilazimika kugeuza, hakuruhusiwa kunyamaza.

Rekodi ya pili haikuwa juu ya karafuu, maana angekuwa ameihifadhi. Alipata kikaratasi cha iliki. Maneno 188, yakabaki 174, sawa na 87 kwa dakika. Mituo mirefu ilikuwa 13, hesabu iliyopungua kidogo tu, na kwa hilo alivunjika moyo mpaka tulipoangalia ilipokaa: minne tu ilikuwa katikati ya fungu. Mingine yote ilikuwa mwisho, pale ambapo mgeni naye anapumua. Msikilizaji alikosa neno moja. "Thing" ilitokea mara moja. Nikampa 3 katika kila kimoja, na safari hii alama zake na zangu zililingana.

Nitajuaje kwamba sijipendelei?

Toa alama, uziandike kwenye karatasi, uifunge ndani ya bahasha. Baada ya wiki sikiliza rekodi ile ile, utoe alama upya bila kuifungua. Zikilingana, sikio lako limetulia. Zikitofautiana kwa alama moja, chukua ya chini na usiihesabu tofauti ya alama moja kuwa maendeleo. Zikitofautiana kwa mbili, umetoa alama kwa hisia, rudi kwenye kuhesabu mituo na maduara.

Nimeona pia kwamba wanaume darasani kwangu wanajipandisha katika mtiririko na wanawake wanajishusha katika matamshi. Ni darasa moja tu, lakini ukijijua uko wapi, jichunge upande huo.

Sarufi umeiacha wapi?

Nimeiacha kwa makusudi. IELTS inapima mambo manne kwa uzito sawa, na sarufi ni la nne. Lakini mtu akianza kusikiliza sarufi yake mwenyewe hasikii kitu chengine, na makosa mengi ya sarufi hawezi kuyasikia kwa kuwa angekuwa anayajua asingeyafanya. Mpe mwalimu ile karatasi yenye maneno yako, yeye ataiona sarufi. Na kwa sababu hiyo hiyo alama zako za nyumbani usiziite alama za IELTS, hizo hutolewa na mtahini aliyefunzwa.

Nirekodi mara ngapi?

Moja kwa wiki, na utoe alama kamili mara moja kwa wiki nne. Nyengine sikiliza jambo moja tu. Msimu wa wageni ukipamba moto, dakika mbili kabla ya kulala zinatosha, kuandika kutasubiri. Hifadhi rekodi zote, uzipe tarehe na jina la kikaratasi, kama `2024-08-12-iliki`. Ile ya mwanzo kabisa usiifute.

Mimi nawapeleka Wataliano. Vigezo hivi vinanifaa?

Vinakufaa, ila katika matamshi badilisha unachokisikiliza. Mkazo hautakusumbua sana, kwa sababu Kitaliano nacho kinapenda silabi ya pili kutoka mwisho. Shida yako itakuwa konsonanti zinazokazwa. Kwao "nono" ni wa tisa, na "nonno" ni babu. Ukimwambia mgeni kwamba shamba hili lilipandwa na babu yako, na usiikaze hiyo "n", atakaa anajiuliza wa tisa ni nani. Katika yale maneno kumi ya msikilizaji wako, tia manne au matano yenye konsonanti ya kukazwa.